Ile laki na nusu

*Kikundi: Ukoo wa Bibi Msamvu*

Mwl. Rehema, 19:42
Shikamooni wakubwa. Mkopo wangu umeingia leo. Niliomba 10,000,000, nimekuta 9,650,000. Afisa mikopo ananiambia ada ni 200,000 na bima 150,000. Bima ya nini jamani? Halafu riba napigiwa kwenye milioni 10 kamili!

Kaka Juma, 19:45
Hiyo ni bima ya mkopo. Ukifa au ukiachishwa kazi wanalipa wao. Tulia.

Mjomba Salum, 19:47
Marahaba mama. Uliza kama hospitali ya mkoa wanaipokea, mana ile yangu walinikatalia dirishani.

Mwl. Rehema, 19:48
Mjomba si ya matibabu 😂

Neema, 19:56
Da Rehema, Juma kapatia nusu. Kifo na ulemavu wa kudumu nyingi zinabeba. Kuachishwa kazi ni kifungu cha kuongezewa, lazima kiwe kimeandikwa. Na hata kikiwepo, mara nyingi ni marejesho ya miezi michache tu. Ukiacha kazi mwenyewe, hakikuhusu.

Mwl. Rehema, 19:58
Sasa yangu nitaijuaje? Kwenye mkataba kuna mstari mmoja tu: "Mkopaji atakatiwa bima." Basi.

Neema, 20:04
Ndivyo zilivyo. Mwenye bima ni benki. Imekata bima moja ya wakopaji wote, wewe ni jina kwenye orodha wanayopeleka kampuni ya bima. Kwa hiyo waandikie barua, omba jina la kampuni, namba ya bima, na cheti chako au nakala ya masharti. Nakala yako ya barua wakugongee muhuri. Ukishajua kampuni, nenda kwao uulize kama jina lako limefika, kwa kiasi gani na mpaka lini. Nimeshaona huku kazini mtu kakatwa hela tawini, jina halikwenda.

Shangazi Zuhura, 20:09
Sikilizeni huyu mtoto. Baba Asha alipofariki nilipigiwa simu na benki, nikalipa miezi mitatu kwa hela ya genge. Hakuna aliyenitajia bima. Nilikuja kuona "makato ya bima" kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya begi lake la kazini. Nikapeleka cheti cha kifo cha RITA, mkopo ukafutwa. Ile miezi mitatu mpaka leo wananizungusha.

Kaka Juma, 20:11
Na wewe shangazi hawakukupa chochote juu yake?

Neema, 20:13
Hapewi. Bima hiyo inalipa benki salio lililobaki. Tena salio la kwenye ratiba. Kama marehemu alikuwa na malimbikizo, mara nyingi hayo hayamo, yanabaki kwa familia.
Da Rehema, kwenye masharti anza na sehemu ya wasiyolipa. Angalia umri, na magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya mkopo.

Mwl. Rehema, 20:17
Mimi nina presha, Neema. Mwaka wa nne huu natumia dawa.

Neema, 20:17
Fomu ilikuwa na maswali ya afya?

Mwl. Rehema, 20:20
Ilikuwepo. Kulikuwa na foleni, afisa akaniambia "mwalimu weka saini hapa chini tu". Hapana zote kazitiki yeye.

Neema, 20:25
😳 Hilo lirekebishe mapema kuliko ile laki na nusu. Saini ni yako, kwa hiyo "hapana" ni zako. Siku ya madai kampuni inaomba faili la hospitali, ikikuta presha ya kabla ya mkopo ina sababu ya kukataa. Andika kwenye ile ile barua kwamba una presha tangu lini na unatumia dawa gani. Wanaweza kukukubali hivyo hivyo, wakakuongezea bei, au wakaitoa presha kwenye bima. Siwezi kukuahidi lipi.

Kaka Juma, 20:31
Mimi nilikata miezi 60, baada ya 24 nikaulipa wote. Na mimi bima 150,000. Si wananidai... yani nawadai 90,000?

Neema, 20:36
Kwa miezi tu ndiyo. Lakini miaka ya mwanzo ndiyo deni lilikuwa kubwa, hela nyingi ya bima imeshatumika huko. Wakipiga kwa kufuata salio itakuja kama 55,000. Na masharti mengine hayarudishi kitu. Soma yako.

Kaka Juma, 20:37
Yangu sijawahi kuiona.

Mwl. Rehema, 20:38
Na wakinigomea hiyo karatasi?

Neema, 20:40
Malalamiko ya maandishi benki kwanza. Wakikaa kimya, ya benki yanapelekwa BoT, ya kampuni ya bima yanapelekwa TIRA, wasimamizi wa bima. Madai yakikataliwa kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mwl. Rehema, 20:42
Jumatatu nina vipindi mpaka saa sita, nitapita mchana.

Shangazi Zuhura, 20:44
Ukiipata piga picha uitupie humu. Mimi lile begi nililipekua siku tatu.