Tupeane uzoefu: USDT iliyopitia mtandao usio wake, ilirudi au haikurudi?

Muuza Vipuri, Kampala

Ndugu zangu, naomba yeyote aliyewahi kutuma au kutumiwa USDT kupitia mtandao tofauti na ule uliokusudiwa atueleze kwa ukamilifu mambo yalivyokwenda, hasa kama pesa ilipatikana. Mteja wangu wa Juba alikuwa anilipe USDT 420 za vioo vya simu. Nilimpa anwani ya kuwekea pesa kutoka kwenye akaunti yangu ya ekschenji, nikamwandikia wazi kwamba ni ERC20, yaani mtandao wa Ethereum, lakini alipoona ada ya BEP20, yaani mtandao wa BNB Smart Chain, ni ndogo zaidi akachagua hiyo, na kwa kuwa anwani za mitandao yote miwili huanza na 0x, programu yake haikumkatalia. Kwake muamala unasomeka Success, ilhali kwangu salio halijabadilika tangu juzi. Vioo bado viko dukani, na yeye anasisitiza kwamba amekwisha kulipa.

Mama Rashidi, Busia

Pole sana, mwanangu. Piga simu huduma kwa wateja mapema, kabla aliyepokea hajazitoa. Mimi niliwahi kukosea namba moja nilipotuma pesa kwa simu, nikawapigia papo hapo, wakazizuia na kunirudishia zote.

Fundi wa Ntinda

Mama Rashidi, ushauri wako ni sahihi kwa pesa ya simu, kwa sababu kule kampuni moja ndiyo inayoshika daftari na inaweza kulisahihisha. Kwenye BNB Smart Chain hakuna mtu wa kumpigia ambaye anaweza kufuta muamala uliokwisha kuthibitishwa.

Muuza Vipuri, pesa yako haikupotelea njiani. Chukua namba ya muamala, ile TxHash, uitafute bscscan.com, nawe utaona kwamba USDT 420 zimekaa kwenye anwani ile ile uliyompa mteja, ila ziko upande wa BNB Smart Chain na si upande wa Ethereum. Mitandao hii miwili hutengeneza anwani kwa namna moja, hivyo ufunguo wa siri unaofungua anwani fulani Ethereum huifungua pia BNB Smart Chain. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anayeshika ufunguo wa anwani hiyo. Angetumia TRC20 tusingekuwa na mazungumzo haya, maana anwani za Tron huanza na herufi T, na programu ingeikataa 0x tangu mwanzo.

Mwalimu, Arua

Mimi nina habari njema, ingawa hali yangu ilikuwa tofauti na yako. Kaka yangu alinitumia USDT 150 kwa BEP20 wakati mimi nilitarajia ERC20, lakini anwani ilikuwa ya MetaMask yangu mwenyewe, ambayo maneno yake 12 ninayo mimi kwenye daftari. Niliongeza mtandao wa BNB Smart Chain kwenye MetaMask, na bado nikaona sifuri, jambo lililonitia hofu kubwa. Kumbe waleti haionyeshi tokeni isiyoijua, mpaka uiongeze kwa anwani ya kontrakti yake, ambayo kwa USDT ya mtandao huo ni 0x55d398326f99059fF775485246999027B3197955. Nilipoibandika, zile 150 zikatokea papo hapo.

Nilipojaribu kuzihamisha zikagoma, kwa sababu ada ya mtandao huo hulipwa kwa BNB na mimi sikuwa nayo hata chembe. Kaka alinitumia BNB ya thamani isiyofika dola 2, safari hii kupitia BNB Smart Chain yenyewe, nayo ikatosha na kubaki. Kisha nikazituma USDT kwenye ekschenji inayopokea BEP20, nikaziuza.

Kijana wa Mbarara

Basi jibu limepatikana: mradi anwani inaanza na 0x, pesa hurudi daima. Muuza Vipuri, weka anwani hiyo kwenye MetaMask ufuate hatua za Mwalimu.

Fundi wa Ntinda

Hapana, ndugu yangu, na naomba hili lieleweke kabla mtu hajajipa matumaini. Mwalimu alifaulu kwa sababu ufunguo ulikuwa wake. Kuiandika anwani ndani ya MetaMask hakukupi ufunguo wake. Anwani ya Muuza Vipuri ni ya ekschenji, na ufunguo uko kwao. Ekschenji inayopokea ERC20 na BEP20 kwa anwani moja mara nyingi huingiza pesa yenyewe bila mtu kuomba, lakini isiyopokea BEP20 haiangalii kabisa upande huo. Ili wakutolee, lazima mfanyakazi wao apeleke BNB ya ada kwenye anwani hiyo na atie saini muamala nje ya mfumo wa kawaida, na ndiyo maana wengine hutoza ada, wengine huweka kiwango cha chini, na wengine hukataa kabisa.

Tena si kila anwani ya 0x ina ufunguo. Nyingine ni smati kontrakti, yaani programu iliyowekwa kwenye mtandao, nayo huwepo tu kwenye mtandao ambako iliundwa. Juni 2022 ilijulikana kwamba tokeni milioni 20 za OP, zilizokopeshwa kampuni ya Wintermute, zilitumwa kwa mtandao wa Optimism kwenye anwani ya waleti ya saini nyingi ambayo kampuni hiyo ilikuwa imeiunda Ethereum pekee. Kabla hawajaiunda upande wa pili, mtu mwingine aliwatangulia, akaiunda yeye na kuzichukua. Baadaye alirudisha milioni 17. Kwa hiyo fungua etherscan.io, uitafute anwani yako, na uangalie kama kuna kichupo kilichoandikwa Contract.

Muuza Vipuri, Kampala

Nimeangalia, kichupo hicho hakipo. BscScan nako naziona 420 zimetulia bila kuguswa.

Fundi wa Ntinda

Hiyo ni dalili nzuri, ingawa si uhakika kamili, kwa kuwa ziko ekschenji ambazo hutoa anwani kwanza na kuunda kontrakti yake baadaye. Waandikie kupitia sehemu ya msaada iliyo ndani ya programu yao, uwape TxHash, anwani, kiasi, jina la mtandao na anwani ya kontrakti ya tokeni. Usimwambie mteja atume tena kiasi kidogo kwa mtandao ule ule eti kujaribu, kwa sababu nacho kitakwenda kukaa pale pale.

Muuza Vipuri, Kampala

Wamejibu leo asubuhi. Wanasema ombi la aina hii hulipiwa ada ya USDT 40, itakayokatwa kwenye pesa yenyewe, na huenda likachukua wiki kadhaa bila ahadi ya kufaulu. Pia kuna mtu ameniandikia faraghani, akidai anaweza kuzirudisha kwa saa moja nikimpa maneno 12 ya waleti yangu nyingine.

Mwalimu, Arua

Tafadhali usimpe. Maneno ya waleti nyingine hayafungui anwani ya ekschenji hata kidogo, kwa hiyo anachokitafuta ni kile kilichomo kwenye waleti hiyo nyingine.

Mama Rashidi, Busia

Sasa hiyo 40 ni ya nani? Uliandika ERC20, yeye akachagua njia yake, basi ada ni juu yake, na vioo visitoke dukani mpaka salio lisome.

Kijana wa Mbarara

Mimi naona wagawane. Pesa imefika kwenye anwani aliyopewa, na inawezekana mteja hakujua kwamba ekschenji yako haipokei BEP20.

Muuza Vipuri, Kampala

Nimekubali masharti yao, na ombi limepokelewa. Mteja nimemtumia ukurasa wa BscScan ajionee mwenyewe zilipo, na kuhusu ile 40 bado tunavutana. Wengine mliopitia ekschenji, mlisubiri muda gani?