Tangazo linasema "simu yoyote", halafu mwenye kitochi anapewa namba ya Wosapu!

mwandishi_wa_matangazo:
Wakuu, nina hasira. Benki moja ilitupa kazi ya tangazo la redio la sekunde 30 kwa huduma yake mpya ya kuchati. Maagizo yao yalikuwa wazi: sisitizeni kwamba inafanya kazi kwenye simu yoyote, ndogo au janja. Nikaandika hivyo. Kilichorushwa hewani ni kitu kingine kabisa.

Wamebakiza "simu yoyote", tena linatamkwa mara tatu. Namba ya meseji wameikata, wakaweka namba ndefu ya Wosapu na kumalizia na "vigezo na masharti kuzingatiwa" kwa kasi ya cherehani. Mwenye simu ya vitufe afanye nini na namba hiyo? Akipiga, inaita bila kupokelewa. Akituma meseji, hajibiwi. Ataamini simu yake ndiyo mbovu, kumbe kaongopewa.

Sababu waliyonipa ni kwamba namba mbili zinamchanganya msikilizaji. Hapo wana haki, kwenye redio huwezi kurudi nyuma kusoma tena. Lakini kama namba ni moja, basi iwe ile inayofanya kazi kwa wote! Meseji ya kawaida inatumwa na kitochi na simujanja vilevile. Wa simujanja atumiwe kiungo cha Wosapu kwenye jibu. Nilichoandika ni hiki:

*(Mlio wa vitufe)*
MAMA: Mwanangu, na mimi wa vitufe naweza kuchati na benki?
KIJANA: Unaweza, mama. Andika neno SALIO, tuma kwenda [namba fupi].
MAMA: Bila intaneti?
KIJANA: Bila intaneti. Hata mimi wa simujanja natuma hukohuko.
MSOMAJI: Neno SALIO, kwenda [namba fupi]. Narudia, [namba fupi]. Tumia laini uliyosajili benki. Namba ya siri usimtumie mtu yeyote.

Linasomeka kwa utulivu, na muda unatosha kurudia namba. Namba ya tarakimu kumi ukiirudia inakula karibu theluthi ya tangazo, ndiyo maana wao wameisoma mara moja tu. Nani ataishika?

nyota_reli:
Mnajisumbua. Wangeweka menyu ya nyota na reli, yaishe. Inafunguka kwenye simu zote na ni bure.

fundi_mitambo:
Mkuu nyota_reli, simu zote ni kweli, na bando haihitajiki. Bure inategemea nani anailipa kampuni ya simu, mara nyingine mteja hukatwa. Halafu ile si kuchati. Menyu ina muda wake, ukisitasita inajifunga na unaanza upya. Meseji inakusubiri hata ukienda kwanza kutafuta miwani.

Ila mwandishi, na meseji ina mambo yake. Moja ina herufi 160, jibu refu linakatwa vipande. Mtu wa benki akitia kikatuni cha tabasamu kwenye jibu, nafasi inashuka hadi herufi 70, na kitochi kinaonyesha viboksi vitupu. Majibu nayo yaandikwe upya, tangazo peke yake halitoshi.

mteja_aliyechoka:
Afadhali mmeianzisha mada hii. Mimi mashine imemeza kadi yangu na benki hawapokei simu. Hiyo namba fupi naipata wapi nirudishiwe kadi?

mwandishi_wa_matangazo:
Pole ndugu, hapa tunazungumzia tangazo. Kadi nenda tawini na kitambulisho. Hakuna chati itakayoitoa kwenye mashine.

Fundi, nimekuelewa. Hilo la viboksi sikulijua, nalipeleka.

dada_wa_masoko:
Nimekaa upande wa benki kwenye vikao kama hivyo. Inawezekana huduma ya meseji haijawashwa bado, tangazo likatangulia. Hutokea sana. Na wengine wetu tuliogopa meseji kwa sababu salio linabaki kwenye simu, mtu yeyote akiishika anasoma.

mwandishi_wa_matangazo:
Dada, kama haijawashwa, neno "yoyote" lilipitishwaje? Mngenipa mteja mmoja mwenye kitochi, asikilize mara moja bila karatasi, kisha ajaribu. Angekwama hapohapo studio.

fundi_mitambo:
Hoja ya salio kubaki kwenye simu ni nzito, usiipite. Mimi ningeanza na maswali ya kawaida kwa meseji, salio liulizwe kwenye menyu yenye namba ya siri.

mwandishi_wa_matangazo:
Ukitenga hivyo tunarudi kwenye namba mbili ndani ya sekunde 30, na mimi bado sioni zinavyoingia. Ila hilo ni la kujadili. Lisilo la kujadili ni tangazo linaloruka sasa hivi. Nimewaandikia tena: rudisheni namba ya meseji, au ondoeni "simu yoyote" na mseme wazi kwamba ni ya simujanja tu.

nyota_reli:
Wakikujibu utuwekee hapa. Bado nasema menyu ingetosha.