Mrejesho: ripoti ya mwezi ya setapu

Swali langu lilikuwa: "Nina setapu mbili za kutredi, breki-auti na pulibaki. Mwisho wa mwezi nitajuaje ipi ibaki?"

Wakuu, asanteni. Kila tredi sasa iko kwa R: faida au hasara, spredi na kamisheni zikishatolewa, gawanya kwa pesa iliyowekwa hatarini. Jina la setapu liko safu B, R iko safu F, na wastani unatoka hapa:

```
=AVERAGEIF(B:B,"pulibaki",F:F)
```

Pulibaki ilishinda 8 kati ya 12, lakini kila ushindi ulileta 0.5R na kila hasara ikala 1R: jumla sifuri. Breki-auti ilishinda 8 tu kati ya 20, ila kila ushindi kwa 2R na kila hasara 1R, ikabaki na +4R. Hiyo inaendelea. Pulibaki siifuti, tredi 12 ni chache mno. Inapunguziwa mtaji wa hatari nusu hadi zifike 30.

Jina la setapu liandikwe kabla ya kuingia sokoni. Likiandikwa baadaye, hasara zote huhamia kwenye setapu usiyoipenda.