Tupeane uzoefu: picha ya chupa ya kioo ukishaikata kwenye Photoshop inabaki na mstari mweupe pembeni, ninyi mliutoaje?

Fundi Chikongola:
Wakuu, habari za jioni. Nina kiofisi cha kuchapisha hapa Mtwara mjini na nimekuja na kidonda. Kabla ya Nane Nane, mama mmoja anayekamua mafuta ya ufuta alinipa kazi ya bango la kupeleka Ngongo. Chupa yake ni ya kioo kisicho na rangi, mafuta ya dhahabu, lebo katikati. Nikaipiga kwa simu mbele ya manila nyeupe, nikaikata kwa Pen Tool taratibu, nikaiweka juu ya kijani kizito. Kwenye kompyuta niliona safi. Bango la mita 2 lilipotoka, chupa imezungukwa na mstari kama imechorwa kwa chaki. Mama akaniuliza, "Baba, hii chupa umeibandika?"

Nikarudi kwenye Layer > Matting > Defringe. Pikseli 1, mstari upo. Pikseli 2, umepungua mwilini lakini shingoni umekaa palepale. Nikaweka 5, ndiyo nikaharibu kabisa: vile vimng'aro vyembamba vya ukingoni vimepakwa rangi ya mafuta, chupa ikawa kama ya plastiki. Bango nimelirudia kwa hela yangu. Waliopitia hili waseme.

Kijana wa Masasi:
Mkuu, hiyo ndogo. Select > Modify > Contract, weka 2, geuza, futa. Nafanya hivyo kwa chupa za soda kila siku.

Fundi Chikongola:
Nilijaribu ndugu yangu. Penye mafuta ilikubali. Juu ya mafuta, pale shingoni pakavu, kioo chenyewe ni cheupe mpaka ndani. Ukipunguza 2 weupe ni uleule, chupa tu ndiyo imekonda.

Kijana wa Masasi:
Aa, hapo sawa. Zangu huwa zimejaa kola.

Mama Pasipoti:
Mimi hayo yananikuta kwenye nywele za wateja, hasa wenye rasta. Natumia Select and Mask, natia tiki Decontaminate Colors, inatoka vizuri. Jaribu na chupa.

Fundi Chikongola:
Dada, nywele angalau ni nyeusi hadi mwisho. Kioo nyuma kunaonekana.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Vijana, mnaondoa mstari wakati manila yote imo ndani ya chupa. Nimepiga picha hapa Lindi tangu enzi za filamu, nikahamia kompyuta nikiwa mtu mzima, na hili lilinisumbua miezi.

Tuanze na ukingo. Chukua pikseli moja, tuhesabu 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe. Tuseme chupa pale ina 60, manila ina 255, na pikseli imekaa nusu kwa nusu. Kamera inaandika wastani, kama 158. Ukikata vizuri, programu inajua pikseli hiyo ni nusu wazi, lakini rangi iliyobaki nayo ni 158, si 60. Ukiiweka juu ya kijani chenye 30, unapata nusu ya 158 na nusu ya 30, yaani 94. Chupa 60, nyuma 30, ukingo 94: unang'aa kuliko vyote viwili. Ilitakiwa iwe 45. Chaki yako ndiyo hiyo.

Defringe haitoi huo weupe, inaazima rangi ya jirani wa ndani na kuipaka ukingoni. Kwa kopo la bati inatosha. Remove White Matte ndiyo inayofanya hesabu ya kutoa, ila inaamini kiwango cha uwazi ulichoipa. Shingo ya chupa umeikata kama kitu kizima, kwa hiyo haina cha kutoa. Imeona 100, imekuachia.

Binti Mikindani:
Shikamoo mzee. Mimi leya ya chupa naiweka Multiply basi, weupe wote unapotea.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Marahaba mwanangu. Unapotea, ndiyo. Nyuma pakiwa krimu au manjano hafifu, Multiply ni nzuri na mimi naitumia. Juu ya kijani kizito chupa inazama, na vimng'aro vinaondoka na manila, kwa sababu Multiply haiwezi kung'arisha kitu. Screen nayo kinyume chake: chupa iliyopigwa kwenye kitambaa cheusi inakaa vizuri gizani, ukiipeleka kwenye karatasi nyeupe inayeyuka.

Ninachofanya mimi ni kupiga mara mbili. Chupa haisogei, simu iko kwenye stendi, modi ya Pro, namba za mwanga na rangi zimefungwa. Ya kwanza nyuma kuna manila nyeupe, ya pili kitambaa cheusi. Penye kioo wazi picha mbili zitatofautiana sana, penye lebo hazitatofautiana, na kimng'aro cha taa kitakuwa cheupe kote kuwili. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha uwazi.

Kwenye Photoshop, weka nyeupe juu ya nyeusi, ya juu iwe Difference. Unganisha kwenye nakala, ondoa rangi, kisha Invert. Umepata picha ya kijivu: lebo nyeupe, shingo kijivu, nje nyeusi. Ibandike iwe maski ya ile picha ya nyuma nyeusi. Apply Layer Mask, halafu Layer > Matting > Remove Black Matte. Msiache kuiapply, maana maski ikiwa bado inaning'inia amri hiyo haifanyi kazi.

Binti Mikindani:
Kitambaa cheusi baibui linafaa?

Mzee wa Chumba cha Giza:
Lisilong'aa. La satini litakuchongea.

Fundi Chikongola:
Nimerudi, nimejaribu leo mchana. Mara ya kwanza lebo ilitoka na kivuli pacha, nikagundua nilipobadilisha kitambaa niligusa meza. Mara ya pili nikavuta kitambaa kutoka juu bila kugusa kitu. Shingo imekubali! Kijani kinaonekana kupitia kioo na vimng'aro vipo. Tatizo, chupa imezungukwa na ukungu hafifu, mstatili mzima wa picha.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Manila yako haijafika 255 na kitambaa hakijafika 0. Tuseme 235 na 10: tofauti ni 225, basi programu inaona hewa tupu ina uzito wa asilimia 12 hivi. Rudi hatua ya kabla ya kuiapply, ifungue maski, nenda Levels, vuta kile kipini cheusi taratibu mpaka nje pawe nyeusi kabisa. Usizidishe, utakula shingo.

Fundi Chikongola:
Umeisha. Ila kuna uzi mweupe bado, nje ya kizibo, upande mmoja tu. Kizibo si kioo!

Kijana wa Masasi:
Hiyo ni simu. Simu zinakoleza kingo zenyewe, kitu cheusi kinazungushiwa weupe kabla hujakigusa. Piga RAW.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Yawezekana. Lakini ukolezaji ungezunguka kizibo chote. Upande mmoja nashuku manila ilirudisha mwanga kwenye kizibo, kitambaa hakikurudisha. Sogeza chupa mbali na manila, hatua mbili, uone.

Fundi Chikongola:
Kesho mzee, leo umeme umekatika.

Binti Mikindani:
Mimi kinachonikera, majani ya nyuma yanapita kwenye chupa yamenyooka. Kwenye chupa ya kweli yangepinda.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Yangepinda, na njia hii haipindishi. Kwa kijani kitupu haionekani. Ukiweka picha ya shamba nyuma, kata kipande cha shamba kilicho nyuma ya chupa, kipindishe kwa mkono.

Mama Pasipoti:
Kwa hiyo na miwani ya mteja naweza kuifanyia hivi?

Mzee wa Chumba cha Giza:
Mteja akiweza kutopumua kati ya picha mbili, mama.