Tupeane uzoefu: Akina Mwanaidi wamekwenda wapi madarasani Tanga?

Mwalimu wa Makorora
Assalam alaykum wana jukwaa. Nafundisha darasa la kwanza hapa Tanga mjini tangu 1996, na madaftari yangu ya mahudhurio nimeyatunza yote. La mwaka ule wa kwanza lina Mwanaidi wawili, Hadija watatu, Mwantumu, Mwanahamisi, Sikudhani na Tatu. La 2008 lina Nasra watano, ikabidi niwaite kwa majina ya baba zao. Mwaka huu sina Nasra hata mmoja. Ninao Ilham, Yusra na Sumayya, na Mwanaidi sijamwandika kwa miaka mingi sasa.

Nasra alipanda na kushuka nikiwa darasa lile lile, na inaniuma kidogo, maana wale watano nawakumbuka kwa sura. Naomba kila mmoja aeleze: kwenu nani alichagua jina, na kwa nini?

Mama Ilham, Ngamiani
Shikamoo mwalimu. Mama yangu ni Mwanaidi, alizaliwa siku ya Idi, hakuna aliyeumiza kichwa. Mimi jina langu alilitoa shangazi, upande wa baba, ni la marehemu bibi yake. Baba na mama hawakuulizwa.

Mwanangu nilimchagulia mwenyewe mwaka 2014. Nilitaka jina zuri la dini, ila Nasra sikulitaka kwa sababu mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa naye. Ilham nililisikia mara moja tu kwenye harusi, nikaliweka moyoni. Leo chuoni kwake wako wanne. Nilidhani nimechagua peke yangu, kumbe kuna wenzangu walikuwa wanawaza kama mimi wiki ile ile.

Kijana wa Chumbageni
Jibu ni televisheni. Tamthilia ikipata mhusika anayependwa, watoto wa mwaka huo wanaitwa jina lake. Ikiisha, jina linakufa.

Karani wa Takwimu
Kaka, uko sawa nusu. Marekani wanahesabu majina ya watoto tangu 1880, kwa hiyo mambo haya yanaweza kupimwa. Jennifer lilikuwa la kwanza kwa wasichana tangu 1970 hadi 1984. Wengi wanasema lililetwa na filamu fulani ya mapenzi. Lakini filamu ile ilitoka Desemba 1970, wakati mwaka umekwisha na jina limeshafika kileleni. Lilikuwa linapanda tangu miaka ya 60. Mara nyingi mwandishi wa filamu naye ni mzazi wa zama zile, anachagua jina ambalo masikio ya watu yameshaanza kulipenda. Filamu inasukuma gari ambalo tayari linatembea.

Na tamthilia haielezi kushuka. Utafiti mmoja uliotoka 2009 ulipitia majina ya Ufaransa na Marekani kwa zaidi ya miaka mia, ukakuta kwamba jina lililopanda kwa kasi ndilo huporomoka kwa kasi. Wazazi wanaosubiri mtoto walipoulizwa, walilikwepa jina linalopanda ghafla wakiogopa kuwa ni la msimu. Mama Ilham ametueleza jambo hilo hilo kwa maisha yake. Alimkimbia Nasra kwa sababu amejaa, na kila aliyemkimbia akatua karibu.

Tazameni pia alikotua Yusra. Nasra, Yusra, Bushra: mwisho wa sauti ni ule ule. Mzazi hataki jina la jirani, lakini sikio lake limeshazoea mlio wake. Hivyo mtindo unasogea hatua moja moja.

Saddam wa 1991
Mimi jina langu linatosha kusema nilizaliwa lini. Vita vya Ghuba, redio usiku kucha, baba akaamua. Shuleni tulikuwa watatu wa rika moja. Chini yetu sijamkuta mwingine. Sina kinyongo na baba, alimpenda mtu aliyemwona anasimama dhidi ya wakubwa. Ila nikiomba kazi, anayesoma barua anajua umri wangu kabla hajafika kwenye tarehe ya kuzaliwa.

Karani wa Takwimu
Lako ni la aina nyingine, kaka. Jina la tukio hupanda siku moja na hushuka tukio likipoa. La Nasra lilipanda bila tukio lolote, na hilo ndilo gumu kulieleza.

Tatu
Naomba msaada. Mimi ni mtoto wa tatu, jina hili nimelichoka, watu wananiuliza Moja na Mbili wako wapi. Nataka vyeti vyangu visomeke Tasneem. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Makorora
Mwanangu, hilo ni la mwanasheria, fungua mada yake utasaidiwa. Lakini umenigusa. Zamani Tatu, Pili na Mosi hawakuulizwa swali hilo kwa sababu walikuwa wengi. Jina likibaki na mtu mmoja ndipo maana yake inaanza kusikika.

Nami nijisahihishe. Jana usiku nimehesabu upya. Nilikuwa nasema Hadija wamekwisha, kumbe wapo, wanaandikwa Khadija. Asha amekuwa Aisha, Rukia amekuwa Ruqayya, Athumani amekuwa Uthman. Kilichobadilika hapo ni mwandiko na matamshi, wazazi wanarudi kwenye Kiarabu cha chuoni. Ukihesabu herufi tu, unazika jina lililo hai. Mwanaidi yeye hana mwandiko mwingine, kwa hiyo kweli amepungua. Tena daftari la darasa la kwanza linaonyesha uchaguzi wa miaka sita au saba nyuma. Nasra wangu wa 2008 walipewa majina yapata 2001.

Karani wa Takwimu
Umefanya vizuri, mwalimu. Na darasa moja ni dogo. Nasra watano wanaweza kuwa wa mitaa miwili iliyoigana. Ukipata madaftari ya shule nyingine mbili tatu, tutasema kwa uhakika zaidi.

Mzee wa Pangani
Marahaba wote mlionisalimu faraghani. Mnazungumza kama majina siku zote yalikuwa na msimu. Kwetu mtoto alipewa somo yake, babu au bibi, jina likaruka kizazi kimoja na kurudi. Mkwe halitamki jina la mama mkwe, basi mtoto akaitwa Bibi au Kibibi nyumbani. Jina halikupanda wala kushuka, lilizunguka. Msimu umeanza mzazi alipoachiwa achague kwa kulipenda. Majina ya Shida na Tabu ndiyo sijui kama yatarudi, kwa sababu yalisimulia uzazi wenyewe.

Karani wa Takwimu
Nakubaliana nawe mzee. Ila hata kwenye msimu majina hurudi. Emma lilikuwa miongoni mwa matatu ya juu Marekani miaka ya 1880, likazama, na mwaka 2008 likawa la kwanza. Jina la mama linasikika limechakaa, la mama wa bibi linasikika jipya kwa kuwa hakuna aliyehai wa kulinasibisha naye. Kwa hesabu hiyo Mwanaidi bado ana miongo ya kusubiri.

Mzee wa Pangani
Sikubali. Kwetu bibi hachakai.

Mjamzito wa Muheza
Nimesoma yote nikiwa kitandani. Wifi yangu anataka Mwanamvua, la bibi yao, kwa sababu masika yameanza. Mume anataka Yusra. Nilikuwa upande wa mume. Leo nimelitamka Mwanamvua taratibu peke yangu, mara nyingi, huku mabati yanalia. Nimebakiwa na wiki tatu.