Video ya huduma ya kwanza imefungiwa kwa sababu ya kichwa na tagi tu! Nisaidieni kuandika rufaa ya kistaarabu

Fundi_Bandeji (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Nina video ya dakika tisa inayofundisha kuzuia damu mtu akikatwa na mashine ya mbao. Ndani yake hakuna mtu aliyeumia. Kuna mkono wa plastiki, maji yaliyotiwa rangi nyekundu, kitambaa safi na mkanda wa kubana. Naonyesha namna ya kukandamiza jeraha kwa nguvu bila kuachia, na damu isipokoma, mahali pa kufunga mkanda: juu ya jeraha kwa sentimita tano hadi saba, kamwe si juu ya kiungo, kisha unaandika saa uliyofunga ili daktari aijue. Basi.

Video hii ilikaa hewani muda mrefu bila tatizo ikiwa na kichwa "Namna ya kuzuia damu kwenye jeraha kubwa". Ilikuwa haipatikani, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa haandiki hivyo kwenye kisanduku cha kutafuta. Anaandika kilichotokea. Nikabadilisha kichwa kiwe "Amejikata na msumeno, damu haikatiki: fanya hivi kwanza", nikaongeza tagi "kujikata", "kujikata mkono" na "damu nyingi". Usiku uleule ikaja barua pepe: video imewekewa kizuizi cha umri na imeondolewa kwenye mapendekezo kwa kukiuka sera ya kujidhuru.

Kujidhuru! Faili haikuguswa hata sekunde moja. Picha ya jalada ni ileile. Kilichobadilika ni maneno ya nje tu. Sasa asiyeingia kwa akaunti haioni, na kijana wa miaka kumi na sita anayejifunza useremala haioni, naye ndiye anayeihitaji kuliko mimi.

Kuna kitufe cha rufaa chenye kisanduku kidogo cha kuandikia, na wanasema rufaa ni moja tu kwa kila uamuzi. Nikiandika nilichonacho moyoni nitaipoteza. Mliowahi kushinda, barua inaandikwaje?

Kasi_Mpya

Mkuu unajisumbua. Futa tagi, rudisha kichwa cha zamani, mfumo utaikagua upya wenyewe na kizuizi kitatoka. Na kama lazima uandike, omba wakufikirie kwa kuwa video ni ya elimu. Sera zote zina nafasi ya maudhui ya elimu. Andika tu "hii ni elimu" mara mbili tatu.

Msomaji_wa_Sera

Kasi, nusu ya hayo ni kweli, na nusu nyingine itamuumiza.

Ni kweli sera za kujidhuru huacha nafasi kwa elimu. Lakini soma vizuri nafasi hiyo ni ya nani: ni ya video inayozungumzia kujidhuru kwa nia ya kuelimisha au kuzuia. Fundi akiiomba, amekubali kwamba video yake inahusu kujidhuru, na mkaguzi anaweza kumjibu, "Sawa, ni elimu kuhusu kujidhuru, ndiyo maana tumeiacha hewani kwa watu wazima tu." Kizuizi kinabaki na rufaa imeisha.

Hoja yake ni nyingine kabisa: video imewekwa kwenye kundi lisilo lake. Haombi kusamehewa ndani ya sera ile, anaonyesha kwamba sera ile haimhusu. Barua nzima isimame juu ya hoja hiyo moja.

Fundi, ushahidi wako ni mzuri kuliko wa wengi. Kwa kawaida mtu anabaki kubahatisha kama tatizo ni picha, sauti au maandishi. Dalili ya kwanza ni taarifa isiyotaja dakika yoyote ya video. Je, yako ilitaja? Dalili ya pili unayo tayari: faili ileile ilipita na maneno ya zamani, ikakwama na maneno mapya. Piga picha za skrini sasa hivi: kichwa, maelezo, tagi zote, na barua pepe yenye tarehe. Usiguse kitu kabla ya kupiga, wala usibadilishe kichwa na tagi kabla ya rufaa.

Fundi_Bandeji

Haikutaja dakika. Ilitaja jina la sera tu na kiungo cha ukurasa wa sheria. Picha nimepiga.

Mama_Sauti

Jamani na mimi nisaidiwe hapohapo. Yangu ilinyamazishwa sauti kwa sababu ya wimbo uliokuwa unapigwa nyuma nikirekodi sherehe. Naweza kutumia barua hii ya Fundi nikabadilisha majina?

Msomaji_wa_Sera

Hapana dada, usiitumie. Yako ni hakimiliki. Huko anayedai ni mwenye wimbo, na ukipinga rasmi unatoa tamko lenye uzito wa kisheria. Kwanza angalia kama unaweza kukata kile kipande au kubadilisha sauti. Fungua uzi wako, nitakuja.

Fundi_Bandeji

Nimeandika hivi. Kosoeni bila huruma:

> Kwa timu ya ukaguzi,
>
> Naomba kwa heshima mpitie tena uamuzi wa kuwekea video yangu kizuizi cha umri chini ya sera ya kujidhuru. Naamini video imewekwa kwenye kundi lisilo lake. Inafundisha huduma ya kwanza kwa mtu aliyepata ajali ya msumeno kazini. Haionyeshi, haielezi wala haihimizi mtu kujiumiza kwa makusudi, na haina damu.
>
> Video ilikuwa hewani bila kizuizi. Kizuizi kilikuja baada ya kubadilisha kichwa na tagi, huku faili ikiwa ileile. Katika kichwa, "amejikata" maana yake ni ameumia kwa bahati mbaya akifanya kazi.
>
> Naomba mtu aitazame video nzima pamoja na kichwa, maelezo na tagi zake. Asanteni kwa muda wenu.

Msomaji_wa_Sera

Hongera, hasira haionekani. Nina marekebisho mawili.

La kwanza ni "haina damu". Ondoa. Mkaguzi anaweza kuwa na video nyingi mbele yake. Akiruka hadi katikati akaona wekundu unatiririka kwenye mkono, kwake wewe umesema uongo, na hataendelea kusoma. Tena anaweza kuondoa sababu ya kujidhuru akaweka ya picha za kuogofya. Kitu chochote kinachoonekana vibaya kitaje mwenyewe, kitaje kwanza, na utaje dakika. Kinaonekana lini?

La pili, maelezo ya neno "amejikata" hayatoshi kama ni maneno yako matupu. Mwonyeshe mahali video yenyewe inaposema hivyo. Kuna sehemu unatamka kwamba ni ajali?

Fundi_Bandeji

Maji mekundu yanaanza 2:10 hadi 3:05. Na mwanzoni kabisa, 0:12, nasema "fundi ameteleza, msumeno umemkata mkono". Mashine yenyewe inaonekana pale.

Msomaji_wa_Sera

Sekunde ya kumi na mbili! Hiyo ndiyo barua yako. Iweke juu.

Kasi_Mpya

Mimi bado naona huku ni kubembeleza. Hawa wana sheria juu yao siku hizi. Mwambie ataje sheria ya Ulaya, watatetemeka.

Msomaji_wa_Sera

Sheria ipo. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024. Inamtaka mwenye jukwaa akueleze sababu za kukuwekea kizuizi, hata kama ni kupunguza kuonekana tu bila kufuta. Kifungu cha 20 kinataka majukwaa, isipokuwa yale madogo, yatoe njia ya malalamiko ya bure kwa muda usiopungua miezi sita, na majibu yasitolewe na mashine peke yake. Lakini inawalinda watumiaji walio ndani ya Umoja huo. Ukiwa nje ukaitaja, umeonyesha tu kwamba umenakili barua ya mtu. Na hata ukiwa ndani, sentensi moja tulivu inatosha. Mkaguzi wa kwanza hana mamlaka ya kubishana nawe sheria, kazi yake ni kulinganisha video na sera.

Ombi la "mtu aitazame video nzima" libaki popote ulipo. Halihitaji sheria.

Taa_ya_Nyuma

Niongeze dogo. Usitaje idadi ya wafuasi wako, usitaje chaneli nyingine zenye video mbaya kuliko yako, usitaje hasara ya matangazo. Hayo yote ni kweli na yanauma, lakini hakuna hata moja linalomsaidia mkaguzi kuamua kama video hii inahusu kujidhuru.

Ila kwenye suala la kubadilisha kichwa kwanza, sikubaliani na Msomaji moja kwa moja. Mimi nilibadilisha tagi bila rufaa na kizuizi kikatoka.

Msomaji_wa_Sera

Nakuamini, na nimeona kwa wengine pia. Nimeona vilevile mtu akibadilisha, kizuizi kikabaki, halafu mkaguzi akafungua video akakuta maneno yanayolalamikiwa hayapo tena, na barua ikawa inazungumzia kitu kisichoonekana. Ndiyo maana nasema picha kwanza, rufaa kwa maneno yaleyale, mabadiliko baadaye. Kama huna haja ya kile kichwa, njia yako ni fupi zaidi. Fundi anakihitaji.

Fundi_Bandeji

Nakihitaji, ndiyo. Nikikiondoa nimekubali kwamba mtu aliyejikata asipate msaada kwa maneno anayoyatumia. Nimetuma hivi:

> Kwa timu ya ukaguzi,
>
> Naomba kwa heshima mpitie tena kizuizi cha umri kwenye video hii. Inahusu ajali ya kazini, haihusu kujidhuru. Kwenye 0:12 nasema wazi kwamba fundi ameteleza na msumeno umemkata. Kuanzia 2:10 hadi 3:05 kuna maji ya rangi nyekundu kwenye mkono wa plastiki. Hakuna mtu aliyeumia. Sehemu iliyobaki ni kukandamiza jeraha na kufunga mkanda.
>
> Faili ilikuwa hewani bila kizuizi hadi nilipobadilisha kichwa na tagi. "Amejikata" na "kujikata" hapa ni kuumia kwa bahati mbaya, kama 0:12 inavyoonyesha. Nikitakiwa kurekebisha neno fulani, naomba mnitajie neno hilo.
>
> Naomba mtu aitazame video nzima pamoja na kichwa, maelezo na tagi. Asanteni.

Fundi_Bandeji

Mrejesho: kizuizi cha umri kimeondolewa! Jibu ni la mistari miwili, halisemi neno gani lilileta shida wala halitaji mapendekezo. Nashukuru, lakini hasira haijaisha, maana watazamaji wanaotoka kwenye mapendekezo hawajarudi. Na nina video ya pili, ya kisu cha jikoni, yenye tagi zilezile. Haijaguswa. Niziache?

Taa_ya_Nyuma

Ondoa "kujikata" kwenye tagi, iache kwenye kichwa. Tagi haina sentensi ya kuizunguka, inasimama peke yake.

Msomaji_wa_Sera

Mimi ningeiacha yote kama ilivyo na kuongeza mstari wa kwanza wa maelezo unaosema "ajali ya jikoni". Ila sina uthibitisho kwamba mstari huo unasomwa kabla ya tagi. Kuhusu mapendekezo, jibu barua yao uwaulize hilo moja tu, bila kurudia rufaa nzima.

Mama_Sauti

Msomaji, uzi wangu nimeshaufungua, nakusubiri kule.