Wauza saa janja wa Mwanza mnatuuzia taa ya kijani mnaiita kipimo cha presha, sasa imetosha

Mkazi wa Igoma (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, naombeni mnisome mpaka mwisho maana leo nina hasira na sinyamazi.

Dada yangu mkubwa ana presha, anameza dawa, na daktari kamwambia aanze kutembea kila asubuhi. Hajawahi kuvaa saa janja maishani mwake. Tukaenda duka moja hapa mjini tukamweleza muuzaji kila kitu, kwamba huyu ndo anaanza, anataka ahesabu hatua, aone mapigo ya moyo, chaji ikae maana mtaani kwake umeme ukikatika umekatika, na iendane na simu yake, na simu yenyewe tukampa mkononi akaigeuza geuza akaiangalia. Akatutolea saa ya kioo kikubwa, boksi limeandikwa chaji siku 15, moyo, oksijeni, presha, mpaka sukari! Elfu 85 tukalipa.

Chaji haimalizi siku mbili. Meseji za wasapu haziingii hata moja. Hayo nayaweka pembeni kwanza.

Presha. Kila akibonyeza inamwambia 121/79, kesho 118/77, keshokutwa 123/80, dada kafurahi, akaanza kuruka dawa kwa sababu saa inasema yuko sawa. Siku ya kliniki wakamfunga ule mkanda wa kujaza upepo ikasoma 168/102, nesi akarudia mkono wa pili, karibu ile ile, na saa ikiwa hapo hapo mkononi inasema 120/78. Tumerudi nyumbani nikaivaa mimi, 119/78. Akavaa mtoto wa darasa la tatu, 121/80. Mtoto wa miaka 9 na mama mwenye presha ya kumeza dawa wanasoma sawa, inawezekanaje?

Nimeirudisha dukani naambiwa "hiyo ni setingi tu, apdeti programu". Setingi ipi inayompa kila binadamu presha moja? Huyu mtu angeanguka barabarani Buzuruga tungemlaumu nani?

Nataka kujua, ipo saa inayopima kweli au wote wanatudanganya? Na mtu anayeanza aangalie nini pale pale dukani kabla hela haijatoka? Na wauzaji mliomo humu jibuni, msipite kimya.

Kijana wa Bwiru

Pole sana kaka. Feki hizo zinajulikana kirahisi mbona, chukua karatasi ya choo au chupa ya maji ivalishe saa, bonyeza mapigo ya moyo, ikisoma namba ujue feki hiyo rudisha. Ya ukweli haisomi kitu kisichokuwa na damu.

Mama Kamanga

Mnunulie Apple Watch muache kulialia. Nimevaa mwaka wa pili sijawahi kusumbuliwa.

Mkazi wa Igoma

Dada wewe umesoma nilichoandika? Simu yake ni Android, hiyo saa bila aifoni hata kuiwasha kwa mara ya kwanza huwezi. Na watengenezaji wenyewe kwa miaka mingi walisema chaji ya saa ya kawaida ni masaa 18 tu, mimi naongelea mtu ambaye umeme kwake ni wa mashaka. Tusaidiane kwa hali ya mtu alivyo.

Fundi wa Mlango Mmoja

Mleta uzi pole, na mwambie dada arudi kwenye dawa leo leo, hayo mengine baadaye.

Kijana wa Bwiru hicho kipimo cha karatasi ya choo nusu yake kweli nusu kitakupoteza. Zile taa za kijani nyuma ya saa zinamulika ngozi, damu inameza mwanga wa kijani, moyo ukipiga damu inajaa kidogo mwanga unaorudi unapungua, saa inahesabu huko kupanda na kushuka. Sasa ukiivalisha karatasi nyeupe mwanga unarudi mwingi na programu inatafuta mdundo kwa nguvu, hata bendi halisi za kampuni kubwa zinaweza kukupa namba pale. Nimeona kwa macho yangu. Ukitumia kipimo hicho utarudisha bendi nzuri, halafu utachukua feki ambayo siku hiyo ilikaa kimya.

Ya uhakika ni hii. Vaa saa kidole kimoja juu ya ule mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze isicheze lakini isibane. Kaa dakika tano. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mkono mwingine, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Tuseme umepata 38, hiyo ni 76, saa ikikuambia 74 au 79 hakuna tatizo. Halafu panda ngazi haraka mpaka uheme, simama, hesabu sekunde 15 zidisha kwa nne. Ukipata 31 hiyo ni 124. Bendi halisi inaweza kuchelewa kidogo na kupishana na wewe mapigo kadhaa lakini itakuwa imepanda huko huko. Ikikaa kwenye 78 kama vile hujanyanyuka, vua umpe mwenyewe. Muuzaji akikukatalia kupanda ngazi na saa yake basi umeshapata jibu.

Kingine, ukitembea halafu saa ikakuambia mapigo 112, na hatua zako kwa dakika nazo ni 112, shtuka. Hapo inahesabu mtikisiko wa mkono, sio moyo. Hata nzuri hufanya hivyo ikivaliwa legevu, kwa hiyo kaza kwanza ndo uilaumu.

Presha sasa. Taa peke yake haikupi presha. Samsung wana kipimo hicho kwenye baadhi ya saa zao lakini lazima kwanza uilinganishe na mashine ya mkanda, na urudie kila siku 28, na inataka simu yao. Huawei walitoa saa yenye kimkanda chake kinachojaa upepo ndani ya ule ukanda wa kuvaa. Hizo za elfu 85 zinazobonyezwa tu, nyingi zinakupa namba ya mtu mzima mwenye afya na kuichezesha juu chini kidogo, ndio maana mtoto na mama wamelingana. Sukari usiongee kabisa, Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Boksi likiandikwa sukari, mimi hata silifungui.

Mvuvi wa Ukara

Mimi nauliza, nikiwa ziwani usiku kwenye dagaa hiyo saa itanionyesha njia ya kurudi kama ukungu umeshuka? Na maji yakiingia?

Fundi wa Mlango Mmoja

Mkuu hiyo ni mada nyingine, unahitaji yenye GPS yake yenyewe, bendi nyingi za bei ndogo zinaazima GPS ya simu. Maji tafuta iliyoandikwa 5ATM, ila usiitegemee kukurudisha nchi kavu.

Muuza Vifaa Makoroboi

Mimi ni muuzaji ila sio duka hilo. Wateja nao mnachangia, ukimtolea bendi halisi ya kioo kidogo anaona imefanana na ya mtoto, anataka kioo kikubwa, anataka presha, anataka iwe rahisi. Sisi tunaleta kinachotoka. Na hiyo ishu ya wasapu sio saa, ni simu yake.

Mkazi wa Igoma

Mkuu mteja niliyemsema hakuomba kioo kikubwa, aliomba chaji na moyo, soma juu. Na kama ni simu, simu ilikuwa mkononi mwa muuzaji, kwanini hakusema?

Fundi wa Mlango Mmoja

Hapo kwenye simu Muuza Vifaa anaweza kuwa sahihi. Mleta uzi ingia setingi, kuhusu simu, soma ni Android namba ngapi na RAM ngapi.

Mkazi wa Igoma

Android 10, imeandikwa Go edition, RAM 1 GB.

Fundi wa Mlango Mmoja

Basi ndio hiyo. Simu za RAM ndogo zenye Android 10 kurudi nyuma zimefungiwa na mfumo wenyewe, programu nyingine haziruhusiwi kusoma notifikesheni, kwa hiyo hata umnunulie saa ya laki tano wasapu haitafika mkononi. Hakuna setingi ya kuifungua kwa mtu wa kawaida. Hatua na mapigo vitakuja sawa tu maana hivyo vinapita kwa blututhi ndani ya programu ya saa. Mwenye simu ya Android 11 kwenda juu meseji zikikatika katika, hapo aende kwenye betri airuhusu programu ya saa ifanye kazi muda wote, simu nyingi za bei nafuu zinaiua ili kuokoa chaji. Na kabla hujalipa mwambie muuzaji aiunganishe hapo hapo kwenye simu yako, sio kwenye ya kwake.

Chaji nayo, namba ya kwenye boksi hata kwa kampuni za ukweli ni ya matumizi mepesi. Xiaomi Smart Band 8 betri yake ni 190 mAh, wameandika siku 16, na wao wenyewe wanasema ukiacha kioo kinawaka muda wote zinabaki 6. Kwa hiyo ya dada yako zima kioo cha kuwaka muda wote, weka mapigo yapimwe kila dakika 30, jaza chaji, alale nayo. Asubuhi angalia asilimia. Usiku mmoja ikishuka 5 bado ina uhai, ikishuka 30 hiyo betri ni ndogo kuliko walivyoandika, hakuna cha setingi.

Kijana wa Bwiru

Bado naamini karatasi ya choo inasaidia, ya kwangu haikusoma kitu. Ila mleta uzi mpeleke huyo muuzaji FCC, ndio wanaoshughulika na bidhaa feki.

Mama Kamanga

TMDA bwana, wao ndio wanasimamia vifaa tiba, na ofisi ya kanda iko hapa hapa Mwanza.

Muuza Vifaa Makoroboi

Saa sio kifaa tiba.

Mkazi wa Igoma

Ikiandikwa presha na sukari kwenye boksi na mgonjwa akaacha dawa kwa ajili yake, mimi siioni tofauti, wenye sheria mje mtuambie.

Dada amerudi kwenye dawa toka siku ile ya kliniki. Jana usiku nimefanya kama Fundi alivyosema, nimezima kila kitu, kutoka 100 asubuhi imeamka na 61. Ngazi nimepanda mpaka jasho, nimehesabu 128, saa inasema 81. Nimerekodi video mkono na saa vyote vinaonekana. Jumamosi narudi dukani na boksi, risiti, video na mashine ya mkanda ya kuazima, tupime muuzaji mwenyewe na wateja wote watakaokuwepo. Anayetaka kuja tukutane saa nne asubuhi pale stendi ya daladala za Igoma.